Maelekezo ya Kwenda Nyumbani Baada ya Kutolewa Kidole Tumbo

Mgonjwa: Bwana Shee, miaka 31, mvuvi, mkaazi wa Kizingitini
Upasuaji: Jumanne, Julai 14. Kutoka wodini: Alhamisi, Julai 16
Wodi ya upasuaji ya wanaume, Lamu

Bwana Shee, karatasi hii ni yako na ya yule atakayekuuguza. Msomeeni na mama nyumbani, maana tunajua dawa za kienyeji na mapishi vitapitia kwake.

Tulichokufanyia

Kidole tumbo chako kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu, lakini hakikuwa kimepasuka. Kilitolewa kupitia mshono wa takriban sentimita 6, chini ya tumbo upande wa kulia. Ndani kuna nyuzi ambazo zitayeyuka zenyewe. Nyuzi nyeusi unazoziona juu ya ngozi haziyeyuki, lazima zitolewe.

Kwa kuwa hakikupasuka, hukuandikiwa antibayotiki za nyumbani. Sindano uliyodungwa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji ilitosha. Usiende kununua nyingine dukani eti kidonda kikauke haraka.

Safari ya kurudi

Usipande boti leo. Umesema una shangazi Langoni. Kaa kwake hadi Jumamosi, Julai 18, uje asubuhi saa 3 tukitazame kidonda. Tukiridhika, utasafiri Jumapili. Msimu huu wa kusi bahari ina mawimbi, na boti ya kasi ikipiga maji, mtikiso wote unaingia tumboni. Keti nyuma karibu na mashine, si mbele, weka mto juu ya mshono na uukumbatie. Ukifika gatini usiruke. Shikwa mkono, na mzigo wako abebe mwingine.

Kidonda

Bendeji uliyo nayo isiguswe wala isiloweshwe hadi Jumamosi. Mpaka hapo jipanguse mwili kwa kitambaa. Sisi tutaiondoa, na kuanzia siku hiyo unaweza kuoga kwa kujimwagia maji kwa kata. Maji yakipita juu ya mshono hayana neno, ila usiusugue na usijitose kwenye birika. Ukimaliza, kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi kilichofuliwa na kuanikwa juani, si taulo ya nyumba nzima.

Anayekufunga kidonda anawe mikono kwa sabuni kwanza, kila mara, hata kama ametoka kuoga. Maji ya visima vingi huku yana chumvichumvi na hayajachemshwa. Kusafishia kidonda tumia maji yaliyochemka yakapoa, kisha weka gozi kavu kati ya zile tulizokupa. Badilisha mara moja kwa siku, au mapema zaidi ikilowa. Kidonda kikishakuwa kikavu kwa siku mbili mfululizo, si lazima kufunikwa, isipokuwa nguo ikikikwaruza.

Kuna vitu tunavyovikuta juu ya vidonda kila mwezi: unga wa vidonge vya antibayotiki vilivyofunguliwa, dawa ya meno, samli, majivu, hina. Visiguse mshono wako, hata kidogo. Maji ya bahari nayo usiyatumie. Wazee husema bahari hukausha kidonda, lakini maji ya pale ufukweni yana uchafu wa mashua na wa mji, na mshono wako bado ni mlango ulio wazi.

Kikoi chako kifunge kwa upande wa kushoto, juu ya kitovu. Tumeona pindo la kikoi likikaa juu kabisa ya mshono na kuuchubua mchana kutwa, na mwenyewe akidhani ni kidonda kinachoharibika. Kanzu ni afadhali zaidi kwa wiki hizi mbili. Mtu akitaka kukukaza tumbo kwa leso, mkatalie kwa heshima: huzuia pumzi, huloanisha kidonda kwa jasho, na huficha kile tunachotaka ukione.

Haya ni ya kawaida, usitishike: maji kidogo ya rangi ya waridi siku za mwanzo, mwasho, ganzi kandokando ya kovu, na ugumu kama kamba chini ya ngozi ambao huchukua miezi kulainika.

Nyuzi zitatolewa Ijumaa, Julai 24, hospitali ya Faza. Tumekupa barua yao, kwa hiyo hakuna haja ya kuvuka bahari kwa kazi ya dakika kumi. Usimruhusu mtu kuzikata nyumbani kwa wembe.

Maumivu

Parasetamol miligramu 500: vidonge viwili kila baada ya saa 8, kwa siku tatu bila kungoja uumwe, kisha ukihitaji tu. Usizidishe vidonge vinane kwa saa 24. Ibuprofeni miligramu 400: kimoja kila baada ya saa 8, baada ya kula, kwa siku zisizozidi tano. Iache ukihisi kiungulia kikali au ukiona choo cheusi. Panado ni parasetamol hiyo hiyo, na dawa nyingi za maumivu na mafua za dukani huwa nayo ndani, kwa hiyo usichanganye.

Ukikohoa, ukipiga chafya au ukicheka, bana mto juu ya mshono. Na kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu mara kumi. Wagonjwa wengi huidharau hii, kisha hurudi na kifua.

Kula

Tumbo lako limeshaamka. Umepitisha upepo na umekula uji bila kutapika. Endelea na chakula chepesi, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku: uji, wali laini na mchuzi usio na mafuta mengi, ndizi, viazi, samaki wa kuchemsha au wa kuchoma. Baada ya siku tatu nne, kula kama kawaida kadiri tumbo linavyokubali. Pilau ya nyama, bajia na mahamri yangoje wiki ya pili. Soda nazo, kwa sababu gesi itakuumiza bure.

Utaambiwa samaki na mayai huleta usaha. Si kweli. Usaha huletwa na vijidudu. Samaki, mayai, maharagwe na kunde ndivyo vinavyojenga nyama mpya, na kwa mvuvi wa Kizingitini kunyimwa samaki ni adhabu isiyo na sababu.

Adui wako mkubwa ni choo kigumu, maana kujikamua huvuta mshono wa ndani. Kunywa maji lita mbili au zaidi kwa siku, kula papai, machungwa na mchicha. Siku tatu zikipita bila choo, na tumbo halijajaa wala hutapiki, nenda kituo cha afya upewe dawa ya kulainisha. Usitumie enema ya nyumbani. Miraa iache hadi upone: hukausha choo, huondoa hamu ya kula na usingizi. Sigara na shisha huchelewesha kidonda kufunga, na kikohozi chake utakilipia kwenye mshono.

Kazi na mwendo

Tembea kila siku, kuanzia leo. Asubuhi mpaka barazani, jioni mpaka msikitini, ukiongeza polepole. Kulala kutwa hugandisha damu miguuni. Ngazi unaweza kupanda, moja moja, ukishika ukuta. Ukiinuka kitandani, geuka ubavu kwanza kisha jisukume kwa mkono. Usiinuke kwa nguvu za tumbo.

Kwa wiki sita usibebe kitu kinachozidi kilo 5. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, basi maji yachotwe na mwingine. Ngozi itaonekana imepona kufikia wiki ya pili, na hapo ndipo wavuvi wanapotuponyoka. Misuli ya chini bado haijashikana, na ukiilazimisha utapata ngiri kwenye kovu, ambayo ni upasuaji mwingine.

Kwako hii ina maana: usivute nyavu, usipandishe tanga, usisukume mashua kutoka mchangani, usivute nanga. Kupiga mbizi kutafuta kamba mawe kungoje mpaka daktari akuruhusu mwisho wa wiki ya sita, kwa sababu kule chini unabana pumzi na tumbo kwa pamoja. Kuogelea kwa upole, baada ya wiki ya tatu, ikiwa kidonda kimefunga kabisa. Kupanda punda, vivyo hivyo. Kutengeneza nyavu ukiwa umekaa kunaruhusiwa hata wiki ijayo. Karatasi ya likizo ya wiki sita umepewa. Mwonyeshe nahodha wako.

Sala: swali ukiwa kwenye kiti hadi kurukuu na kusujudu kusikuumize. Mambo ya unyumba yanaweza kurudi baada ya wiki mbili hivi, maumivu yakiisha.

Rudi hospitali mara moja ukiona haya

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi. Hili tunalisisitiza: usiseme ni malaria ukanunua dawa dukani. Upimwe malaria, ndiyo, lakini na tumbo litazamwe. Usaha uliojificha ndani ya nyonga mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya tano na ya kumi, wakati mtu anadhani ameshapona. Huja na homa, kuharisha kidogo kidogo choo chenye ute, au kuhisi haja kila wakati bila kutoka kitu.

Kidonda kinachozidi kuwa chekundu, cha moto na kuvimba, kinachotoa usaha au harufu, au kilichoachana. Damu inayolowesha gozi na haikomi baada ya kubanwa dakika kumi. Maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua. Tumbo gumu au lililojaa, kutapika mfululizo, kutopitisha upepo wala choo. Kushindwa kukojoa kwa saa nane. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu.

Maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi ghafla ni dharura kuliko zote.

Ukiwa Kizingitini, usingoje boti ya asubuhi wala maji yajae Mkanda. Nenda Faza kwa bodaboda, mtu akikushikilia, saa yoyote, hata usiku wa manane. Wao wataanza matibabu na kutupigia simu. Usile wala usinywe njiani, huenda ukahitaji upasuaji. Nambari ya wodi imepigwa muhuri nyuma ya kadi yako ya kliniki.

Kliniki

Alhamisi, Agosti 27, saa 3 asubuhi, kliniki ya upasuaji, Lamu. Njoo na kadi, kitambulisho, karatasi hii na dawa zilizobaki. Kipande cha kidole tumbo kimepelekwa maabara na majibu huchukua wiki kadhaa. Yaulizie siku hiyo, hata kama hujisikii kuumwa.