Mkate wa sinia wa nyanya: kadi nimeisoma yote, ila pale kwenye kidole chako

Da Saumu, shikamoo. Ile picha ya kadi ya mapishi ya nyanya uliyotuma juzi nimeikuza nikaipeleka mpaka kwa khala, tumekaa nayo tangu alasiri mpaka magharibi, yeye na miwani yake mimi na simu. Usijilaumu kwamba hukuelewa, nyanya aliandika Kiamu chake kama alivyokuwa akisema, na nyinyi wa Dar mmezoea kumuita bibi na kumsikia akiwasanifishia. Tarakimu nazo kaziandika za Kiarabu, ndo maana uliona sukari "wakia kofia". Ile kofia ni nane. Na huo mkate wa sinia ndo nyinyi mwauita wa kumimina, ni ule ule.

Hivi ndivyo ilivyo, neno kwa neno (tarakimu nimekuandikia za kawaida):

MKATE WA SINIA
Mtele kibaba 1, uroweke usiku mzima.
Nazi kuu 2, tui la kwanda.
Sukari wakia 8.
Hamira vijiko 2 vya chai, mai ya vuguvugu.
Hiliki ya thumni.
Ute wa mayai 2.
Samli wakia 1.
Saga hata usisikie mtanga. Ngoyea uumuke. Ndipo utie sukari na ute.
Sinia iwe na samli moto. Moto wa yuu mwingi, wa tini haba.

Sasa maneno. Mtele ni mchele, sio aina ya unga kama ulivyouliza. Mai ni maji, kwanda ni kwanza, yuu na tini ni juu na chini, ngoyea ni ngojea. Hiliki ni iliki. Na lile la "usisikie mtanga" limetuchekesha mpaka khala akakohoa, ati umeuliza huyo Mtanga ni nani na kwa nini asisikizwe! Mtanga ni mchanga. Anakwambia saga mchele mpaka ukichukua tone ukalisugua baina ya vidole viwili usihisi chenga chenga za mchanga, na hilo ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye kadi hii, kwa sababu mkate ukisagwa vibaya unatoka mzito chini na lile sega la nyuki halipatikani, yaani vile vitundu ndani.

Vipimo ndo vilituchosha. Kibaba ni robo ya pishi, na pishi ni kama ratili 6, kwa hivyo kibaba cha mchele kwa hesabu ni ratili moja na nusu, gramu 680 hivi. Lakini kibaba ni chombo cha kujaza sio mizani, wengine walisawazisha kwa mkono wengine wakaacha mlima. Bahati nzuri khala bado ana kile kibaba cha bati cha nyanya, ashakifanya cha kuchotea chakula cha kuku, tukakiosha tukakijaza mchele tukasawazisha, mizani ya jikoni ikasema gramu 690. Weka 700 tusigombane. Wakia ni gramu 28, basi nane ni 225, nusu ratili kamili.

Thumni sasa. Thumni ni senti 50, yaani nyanya anapima iliki kwa pesa! Alienda dukani akasema nipe iliki ya thumni, akafungiwa kwenye kipande cha gazeti, basi. Leo senti 50 hata pipi hupati. Mimi nilitaka kukisia tu, khala akakataa, akachukua mkebe wa iliki akanimiminia kiganjani kidogo kidogo huku kafumba jicho moja, akasema "hapo, hapo ndo thumni." Nikahesabu, punje 14 na maganda yake. Hiyo ndo sayansi tuliyo nayo.

Haya, ya kupikia. Nakuandikia nusu ya kadi kwa sababu kibaba kizima chataka masufuria mawili na oveni yako najua ni ndogo:

Mchele gramu 350 (vikombe vya mililita 250 kimoja na robo tatu, kisawazishwe), tui zito mililita 325, hamira kijiko 1 cha chai, maji vuguvugu vijiko 3 vya supu, sukari gramu 115, iliki punje 7, ute wa yai 1, samli kijiko 1 cha supu na kidogo cha kupakia juu. Sufuria ya upana wa sentimita 20. Ukitaka kadi nzima zidisha mara mbili kila kitu, ila usiupike wote ndani ya chombo kimoja.

Mchele chukua wa kunukia usiochemshwa kiwandani, huku twatumia pishori, huko wa Kyela utafaa. Osha mpaka maji yawe meupe safi, roweka usiku, asubuhi chuja maji yaishe kabisa, hapo watu wengi huharibu, wanaacha maji chini kisha wanaongeza tui, uji. Hamira koroga na yale maji vuguvugu ungoje dakika 10 ipande povu. Nyanya alikuwa na ile ya chembe kubwa, ya siku hizi ya unga laini haihitaji kungojwa lakini mimi naipima hivyo hivyo nijue kama iko hai. Saga mchele na tui kwenye blenda kwa mafungu mawili, usitie tui lote mara moja, na kama blenda inapata moto ipumzishe. Ukishamaliza mtanga wako tia hamira na iliki iliyotwangwa, funika, weka pahali pa joto. Saa moja hivi, Dar pengine dakika 40. Angalia uji sio saa: uwe umepanda na juu una mapovu.

Sukari usiitangulize. Mimi mwaka jana niliitia mwanzo nikaona nafupisha kazi, hamira ikalala, tukala mkate kama kandambili. Tia baada ya kuumuka pamoja na ute uliopigwa kidogo kwa uma, koroga taratibu, acha tena dakika 15.

Ule moto wa yuu na tini ni makaa juu ya bati na machache chini. Kwa oveni iwashe mapema 180, wakati huo weka sufuria jikoni na samli mpaka iwe moto, ukimimina usikie "chwaaa", usiposikia bado. Acha dakika 2 juu ya jiko moto mdogo, kisha oveni dakika 35 mpaka 40. Ikifika 30 na juu bado peupe washa moto wa juu, simama hapo hapo usiende kujibu simu. Choma kijiti kikitoka kikavu toa, paka samli ungali moto, na ungoje upoe kabla ya kukata hata kama watoto wanakulilia.

Jambo moja. Chini kabisa kwenye picha kidole chako kimefunika mstari, naona "Usi" kisha ukucha wako mwekundu. Khala asema ni "usifunue", mimi naona herufi ya mbele kama k. Kadi si unayo, ipige tena ukiwa umeishika kwa pembeni, na geuza upande wa pili pia, maana ni kadi ya mwaliko wa harusi na khala anataka kujua ni harusi ya nani.