Kemia, Kidato cha Tatu: Kutoka Gramu Hadi Moli

Muda: vipindi viwili (dakika 80). Alama: 40. Kalkuleta inaruhusiwa, simu hairuhusiwi.

Tungamo atomia linganishi (Ar) za kutumia

H = 1, C = 12, N = 14, O = 16, Na = 23, Mg = 24, Al = 27, S = 32, Cl = 35.5, K = 39, Ca = 40, Fe = 56, Cu = 64, Zn = 65

Tumia namba hizi hizi hata kama jedwali lililobandikwa ukutani lina desimali zaidi. Shaba huandikwa 63.5 kwenye vitabu vingi. Hapa ni 64, na majibu yamesahihishwa kwa 64.

Kumbuka kwanza

Moli ni hesabu ya idadi, kama korja, ila yenyewe ina chembe 6.02 × 10²³. Hatuwezi kuzihesabu moja moja, kwa hiyo tunapima kwenye mizani kisha tunagawanya:

moli = tungamo kwa gramu ÷ tungamo ya moli moja (g/mol)

Tungamo ya moli moja ya elementi ni Ar yake ikiandikwa kwa gramu. Ya kampaundi ni jumla ya Ar za atomu zote zilizo kwenye fomula. Ukishaipata jumla hiyo sawasawa, kilichobaki ni kugawanya tu. Karibu alama zote zinazopotea kwenye mada hii hupotea kwenye kujumlisha.

Mfano 1. Utepe wa magnesiamu una gramu 6. Ni moli ngapi?

6 ÷ 24 = 0.25 mol

Mfano 2. Gramu 8 za gesi ya oksijeni ni moli ngapi za molekuli?

Gesi ya oksijeni ni O₂, kwa hiyo moli moja ni 2 × 16 = 32 g.
8 ÷ 32 = 0.25 mol

Swali lingeuliza moli za *atomu* za oksijeni, jibu lingekuwa 8 ÷ 16 = 0.5 mol. Gramu ni zile zile, majibu mawili. Soma neno linalofuata "moli za" kabla ya kushika kalkuleta.

Mfano 3. Mrututu, zile fuwele za buluu, ni CuSO₄·5H₂O. Gramu 12.5 ni moli ngapi?

Cu: 64
S: 32
O nne za salfeti: 4 × 16 = 64
Maji matano: 5 × 18 = 90
Jumla: 250 g/mol

12.5 ÷ 250 = 0.05 mol

Nukta iliyo katikati ya fomula si alama ya kuzidisha. Inasema kwamba kila CuSO₄ moja imeshikamana na molekuli tano za maji ndani ya fuwele, na maji hayo yapo kwenye mizani pamoja na chumvi yenyewe. Ukiyaacha utapata 12.5 ÷ 160 = 0.078, na hutapewa alama. Fuwele hizo hizo ukizipasha moto kwenye tyubu ya majaribio hugeuka unga mweupe na matone ya maji huonekana karibu na mdomo wa tyubu. Kwa gramu 12.5, maji hayo ni 5 × 0.05 = 0.25 mol, yaani 0.25 × 18 = 4.5 g. Zaidi ya theluthi moja ya ulichopima ni maji!

Maswali

Onyesha njia. Jibu tupu bila njia lina nusu ya alama.

1. Tafuta moli za atomu katika: (alama 5)
(a) 4.6 g za sodiamu
(b) 5.4 g za alumini
(c) 14 g za chuma
(d) 1.3 g za zinki
(e) 0.48 g za kaboni

2. Gesi. (alama 4)
(a) moli za molekuli katika 3.2 g za O₂
(b) moli za molekuli katika 0.5 g za H₂
(c) moli za molekuli katika 14.2 g za Cl₂
(d) moli za *atomu* katika 2.8 g za N₂

3. Tafuta moli za kila kampaundi. (alama 10)
(a) 9 g za maji
(b) 11.7 g za chumvi ya mezani, NaCl
(c) 4.9 g za asidi ya salfuriki, H₂SO₄
(d) 13.2 g za mbolea ya SA, (NH₄)₂SO₄
(e) 2.37 g za shabu, KAl(SO₄)₂·12H₂O

4. Kidonge kimoja cha kawaida cha paracetamol kina miligramu 500 za dawa, C₈H₉NO₂. Mtu mzima amemeza vidonge viwili. Amemeza moli ngapi za dawa? (alama 3)

5. Kazi hizi mbili zimekosewa. Taja kosa, kisha fanya upya. (alama 4)
(a) 7.4 g za Ca(OH)₂: 40 + 16 + 2 = 58; 7.4 ÷ 58 = 0.128 mol
(b) 420 mg za NaHCO₃: 420 ÷ 84 = 5 mol

6. Magadi yanayojitengeneza Ziwa Natron na Ziwa Magadi yana madini yenye fomula Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Chukulia kipande chako ni safi, hakina udongo. (alama 4)
(a) Tafuta tungamo ya moli moja.
(b) 45.2 g ni moli ngapi, na zimebeba gramu ngapi za maji ya fuwele?

7. Kwenye tanuri la chokaa, mawe ya chokaa huungua hivi: CaCO₃ → CaO + CO₂. Kilo moja ya CaCO₃ safi imeungua yote. Tafuta moli za CaCO₃, kisha gramu za CaO zilizobaki. (alama 4)

8. Mfuko wa urea, CO(NH₂)₂, una kilo 50. (alama 6)
(a) Chukulia ni urea tupu. Ni moli ngapi?
(b) Ndani yake mna moli ngapi za atomu za naitrojeni?
(c) Hizo ni kilo ngapi za naitrojeni? Ni asilimia ngapi ya mfuko? Linganisha na 46% iliyochapishwa kwenye mfuko.

Majibu (kunja karatasi hapa kabla ya kuanza)

1. (a) 0.2 (b) 0.2 (c) 0.25 (d) 0.02 (e) 0.04

2. (a) 0.1 (b) 0.25 (c) 0.2 (d) 0.2

3. (a) 0.5 (b) 0.2 (c) 0.05 (d) 0.1, tungamo ya moli ni 132, angalia N ziko mbili na H nane (e) 0.005; tungamo ya moli ni 474

4. Tungamo ya moli ni 151. Vidonge viwili ni 1 g; 1 ÷ 151 = 0.0066 mol

5. (a) Namba 2 nje ya mabano inazidisha O na H zote mbili: 40 + 2 × 17 = 74; jibu 0.1 mol. (b) Miligramu hazikugeuzwa kuwa gramu: 0.42 ÷ 84 = 0.005 mol. Moli 5 zingekuwa gramu 420, karibu nusu kilo.

6. (a) 106 + 84 + 36 = 226 g/mol (b) 0.2 mol, maji ni 0.4 mol, yaani 7.2 g

7. 1000 ÷ 100 = 10 mol; CaO ni 10 × 56 = 560 g. Gramu 440 zilizobaki zimepaa kama CO₂.

8. (a) 50 000 ÷ 60 = 833 mol (b) 1667 mol (c) 23.3 kg, sawa na 46.7%. Urea ya kiwandani haikosi unyevu kidogo na uchafu, ndiyo maana mfuko unasema 46%. Aliyeandika "sawa na mfuko" bila kuonyesha hesabu amekosa alama zote za (c).