Ukaguzi wa Sifuri na Skeli ya Polarimita kwa Miyeyusho ya Sukrosi: Utaratibu wa Maabara na Kumbukumbu ya Machi

Utaratibu huu unahusu polarimita ya kuzungushwa kwa mkono iliyo katika chumba cha pili cha maabara yetu, yenye taa ya sodiamu, skeli ya duara yenye verania inayosomeka hadi nyuzi 0.05, na mirija miwili ya kioo, mmoja wa milimita 200 na mwingine wa milimita 100. Hufanywa mara moja kila mwezi, na pia kila mara taa inapobadilishwa au chombo kinapohamishwa. Matokeo yaliyotajwa humu ni ya ukaguzi wa mwezi huu wa Machi. Yameandikwa pamoja na maelekezo kwa makusudi, kwa sababu mrija mmoja ulitupa shida ambayo mtumiaji mwingine angeweza kuihesabu kuwa kosa la skeli.

Kanuni tunayoitegemea ni fupi:

```
α = [α] × l × c
```

Hapa α ni mzunguko wa mwanga uliosomwa kwa nyuzi, l ni urefu wa mrija kwa desimita, na c ni gramu za sukrosi katika mililita moja ya myeyusho. Mzunguko mahususi wa sukrosi kwa mwanga wa manjano wa sodiamu, katika sentigredi 20, ni karibu +66.5. Kosa la sifuri huongeza au hupunguza kiasi kilekile kwa kila usomaji, uwe mkubwa au mdogo, ilhali kosa la urefu wa mrija, la ukolezi au la joto hukua kadiri usomaji unavyokua. Kwa hiyo hatutumii myeyusho mmoja tu, bali mitatu, kwani myeyusho mmoja hauwezi kutenganisha makosa hayo mawili.

Taa iwashwe na kuachwa angalau dakika 15 kabla ya usomaji wowote. Ikiwa bado na rangi ya waridi, mwanga wake haujawa wa sodiamu peke yake, na mzunguko hutegemea sana rangi ya mwanga: myeyusho uleule unaozungusha mwanga wa sodiamu nyuzi 34.626 huzungusha mwanga wa kijani wa zebaki, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 546, hadi nyuzi 40.777.

Sifuri husomwa kwanza bila mrija wowote, kisha kwa kila mrija ukiwa umejazwa maji yaliyokenekwa. Katika chombo chetu uwanja wa kuona umegawanyika sehemu tatu, na sehemu ya kusoma ni pale zote tatu zinapokuwa na giza sawa, mahali ambapo kugusa kirungu kidogo tu hugeuza ukanda wa kati kuwa mweusi au mweupe. Ipo sehemu nyingine, karibu nyuzi 90 kutoka hapo, ambapo zote tatu huonekana sawa lakini zinang'aa. Hiyo si sifuri, na jicho haliwezi kuipima kwa usahihi. Mtumiaji aikaribie sehemu ya giza mara tatu kutoka kushoto na mara tatu kutoka kulia, aandike kila usomaji, kisha achukue wastani. Akae pia kidogo gizani kabla ya kuanza, kwani anayetoka juani mchana moja kwa moja hadi kwenye lenzi husoma vibaya katika dakika za kwanza, hata awe mzoefu namna gani.

Mwezi huu wastani bila mrija ulikuwa +0.10. Mrija wa milimita 200 wenye maji ulitoa +0.10, lakini ule wa milimita 100 ulitoa +0.25. Maji hayazungushi mwanga, kwa hiyo tofauti ya 0.15 haikutoka kwenye maji. Tulifungua kifuniko cha skrubu tukakuta washa ya mpira imebanwa hadi imetoka pembeni. Kioo cha mwisho kikibanwa kwa nguvu hupata mkazo, na kioo chenye mkazo huubadilisha mwanga unaopita ndani yake. Kifuniko kilipokazwa tena kwa ncha za vidole viwili, pasipo kusukumwa na kiganja, usomaji ulirudi +0.10. Ikiwa mrija utavuja ukikazwa hivyo, washa ndiyo ibadilishwe, asikaze zaidi. Kiputo cha hewa kisukumwe hadi kwenye uvimbe wa mrija, na vioo vya mwisho vifutwe kwa karatasi laini, kwani tone moja la myeyusho nje ya kioo hutia ukungu kwenye mstari wa kati.

Hatukuirekebisha skeli ili isome 0.00. Skrubu ya kurekebisha ikiguswa kila mwezi hulegea, na historia ya chombo hupotea pamoja nayo. Tunaandika sifuri ya siku na kuitoa katika kila usomaji.

Sukrosi safi ya daraja la uchambuzi hukaushwa ndani ya oveni kwa sentigredi 105 kwa saa 3, kisha huachwa ipoe ndani ya desiketa. Myeyusho wa kwanza ni ule uitwao wa kawaida katika kazi ya sukari: gramu 26.000 zilizopimwa hewani, zikayeyushwa na kujazwa hadi mililita 100 katika sentigredi 20. Kwa skeli ya kimataifa ya sukari, inayotumika tangu Julai 1988, myeyusho huo ndani ya mrija wa milimita 200 ni 100 °Z, na kwa skeli yetu ya nyuzi ni 34.626. Myeyusho wa pili ni wa gramu 13.000 na wa tatu ni wa gramu 6.500, kila mmoja katika mililita 100, na unapaswa kusomeka nyuzi 17.31 na nyuzi 8.66 katika mrija huohuo. Miyeyusho hii itumike siku ileile. Ikiachwa hadi kesho yake katika joto la chumba chetu, vijidudu huanza kuigawa sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, mchanganyiko ambao huzungusha mwanga upande wa kushoto, na usomaji hushuka bila dalili yoyote ndani ya chupa.

Miyeyusho miwili midogo ina kazi nyingine. Skeli ya duara haijui kama mwanga umezungushwa nyuzi 34.5 kwenda kulia au nyuzi 145.5 kwenda kushoto, kwani uwanja wa kuona ni uleule. Ukolezi ukipunguzwa nusu na usomaji nao ukapungua nusu, shaka hiyo imekwisha.

Jambo linalotaka uangalifu kuliko yote ni joto, kwa kuwa hufanya kazi kwa njia mbili tofauti ambazo watu huzichanganya. Kwanza, mzunguko mahususi wa sukrosi yenyewe hupungua kwa takribani sehemu 0.00018 kwa kila sentigredi moja inayopanda. Pili, myeyusho hutanuka, gramu zilezile zikaenea katika ujazo mkubwa zaidi, na ukolezi ukashuka. Kwa myeyusho wa gramu 26 uliojazwa hadi mstari katika sentigredi 20, athari hizo mbili pamoja ni takribani 0.00047 kwa kila sentigredi, yaani nyuzi 0.016 hivi. Kutanuka kwa mrija wa kioo kunaongeza urefu kidogo sana kiasi kwamba verania yetu haikuoni.

Lakini chupa ya ujazo ikijazwa hadi mstari katika joto la chumba, na kusomwa katika joto hilohilo, kutanuka kumekwisha kuingia katika ujazo uliopimwa, na sahihisho linalobaki ni lile la kwanza pekee. Katika sentigredi 28 myeyusho uliojazwa katika sentigredi 20 unatazamiwa kusomeka nyuzi 34.50, na ule uliojazwa katika sentigredi 28 unatazamiwa kusomeka nyuzi 34.58. Anayetumia sahihisho kamili kwa myeyusho wa namna ya pili huzalisha kosa kubwa kuliko hatua nzima ya verania yetu, kisha hulitafuta ndani ya chombo ambacho hakina kosa. Kwa hiyo daftari lazima lionyeshe halijoto mbili: ile ya kujazia chupa na ile ya kusomea. Halijoto ya kusomea ipimwe ndani ya mrija baada ya usomaji, kwani kipimajoto cha ukutani hakijui kwamba taa ya sodiamu imekuwa ikiupasha mrija kwa nusu saa.

Mwezi huu chupa zilikaa katika bafu la maji la sentigredi 20 kwa dakika 30 kabla ya kujazwa hadi mstari. Mirija yetu haina koti la maji, hivyo usomaji ulifanyika katika sentigredi 27.0. Sifuri ya +0.10 imekwisha kutolewa katika tarakimu zinazofuata. Katika mrija wa milimita 200, myeyusho wa gramu 26 ulisomeka 34.50 ukilinganishwa na 34.51 iliyotazamiwa, wa gramu 13 ulisomeka 17.25 dhidi ya 17.26, wa gramu 6.5 ulisomeka 8.65 dhidi ya 8.63. Hakuna tofauti iliyozidi kikomo chetu cha nyuzi 0.05, wala hazikui pamoja na usomaji. Sifuri na skeli vimekubaliwa.

Mrija wa milimita 100 ulijazwa myeyusho uleule wa gramu 26. Urefu ukiwa nusu na ukolezi ukiwa mara mbili, ulipaswa kulingana na ule wa gramu 13 katika mrija mrefu, yaani 17.26. Ulisomeka 17.10. Ukioshwa mara tatu kwa myeyusho wenyewe na kujazwa upya, ulisomeka tena 17.10. Kwa kuwa skeli ilikuwa imekwisha kuthibitishwa mahali palepale, na myeyusho ulitoka katika chupa ileile, kilichobaki ni mrija. Usomaji wake ulipungua kwa sehemu 0.9 katika 100. Kalipa ilionyesha milimita 99.1 kutoka ukingo hadi ukingo, na ukitazamwa kwa lenzi ukingo mmoja una mikwaruzo ya msasa: mtu fulani, wakati fulani, aliusaga baada ya kumeguka, na akaacha namba 100 ilivyochongwa. Msasa ule haukuandikwa popote katika daftari.

Mrija huo umefungwa utepe mwekundu wenye maandishi 99.1 na tarehe ya ukaguzi. Hautatumika kwa vipimo vya sukari ya mauzo. Unaweza kutumika kwa sampuli zenye rangi nzito zisizopitisha mwanga wa kutosha katika mrija mrefu, kwa sharti kwamba l iandikwe 0.991 katika hesabu. Mrija mpya umeombwa, na utakapofika utapimwa kwa kalipa na kwa myeyusho wa gramu 26 kabla ya kuingizwa kazini, hata kama utakuja na cheti.

Bamba la kwatsi lenye cheti litakapopatikana litatumika kwa ukaguzi wa kila juma, kwa kuwa haliharibiki wala halihitaji kupimwa kwenye mizani. Izingatiwe tu kwamba mzunguko wa kwatsi huongezeka joto linapopanda, takribani 0.00014 kwa kila sentigredi, kinyume na sukrosi, na kwamba bamba halipimi mrija kamwe. Kwa ajili ya mirija, miyeyusho ya sukrosi itaendelea kutayarishwa kila mwezi.