Malalamiko kuhusu pafyumu niliyouziwa

Ndugu muuzaji,

Juzi nimepokea pafyumu ya mililita 100 niliyoagiza kwako. Kwa kweli sijaridhika.

Nilijipulizia asubuhi, mara nne, shingoni na kwenye viganja. Ilinuka spiriti kwanza, kisha harufu kidogo ya maua, na baada ya nusu saa hapakuwa na kitu. Hata kwenye nguo haikubaki. Chupa yangu ya zamani ya pafyumu hiyohiyo, ambayo bado ina matone machache, hunukia hadi jioni. Nimeziweka pamoja: ya zamani ina rangi ya asali, yako ni nyeupe kama maji ya bomba.

Kuna jambo jingine. Namba ya bechi iliyo chini ya chupa hailingani na ile ya kwenye boksi. Kifuniko nacho kinalegea, na pampu inavuja. Tangazo lako lilisema “orijino”.

Sitaki kubadilishiwa chupa nyingine. Naomba unirudishie pesa yangu yote ndani ya siku 7, na gharama ya kurudisha mzigo iwe juu yako. Nimeambatisha picha za chupa zote mbili, boksi na risiti.

Nasubiri jibu lako.

Mteja wako