YAH: Kazi ya majaribio ya mfumo wa mwalo – malipo, au kuipunguza

Dada Rehema,

Habari za kazi, na ahsante kwa simu ya Jumanne. Kazi ya majaribio niliipokea jana jioni, nimeisoma yote mara mbili. Nafasi hii naitaka kwa dhati. Mama yangu mdogo anauza dagaa Mwaloni Kirumba, na daftari lake nimelijumlisha tangu niko shule ya msingi, kwa hiyo mambo ya mizani na magunia nayajua.

Naomba kuuliza: kazi hii ina malipo?

Nimeipigia hesabu. Programu ya simu ya karani wa mizani itanichukua kama saa 14, kulipa wavuvi kwa simu saa 10, ripoti za mialo mitatu saa 7, kutuma meseji saa 5. Jumla saa 36, na mwisho ni Jumatatu. Mchana nina ajira Nyakato, nafika nyumbani saa moja usiku. Tena nikiimaliza mtakuwa na mfumo unaokaribia kabisa kuanza kutumika. Kwangu hiyo ni kazi, imeshapita kuwa mtihani. Mwaka jana nilifanya jaribio la namna hii kwa kampuni nyingine, usiku nane, sikujibiwa hata mstari mmoja. Sisemi ninyi mko hivyo, ila nimeona niulize mapema.

Kama bajeti ipo, nitaifanya yote kwa Sh 15,000 kwa saa, yaani Sh 540,000, kwa wiki mbili. Mkishalipa, msimbo ni mali yenu.

Kama haipo, naomba tuipunguze ibaki ya saa 4, nichukue kipande ninachokiona kigumu kuliko vyote. Karani amepima gunia, mtandao umekatika, hajui kama pimo limeingia, anabonyeza tena. Mtandao ukirudi, gunia moja linasomeka mawili na mwenye mzigo analipwa mara mbili. Nimeshuhudia watu wakigombana asubuhi nzima kwa sababu ya mstari uliorudiwa kwenye daftari la karatasi. Kwenye simu utarudiwa kwa urahisi zaidi. Nitaandika sehemu inayopokea pimo, kila gunia lipate namba yake ndani ya simu kabla ya kutumwa, ili seva ikiona namba ileile mara ya pili isiandike upya. Nitaweka majaribio yake na ukurasa mmoja wa maelezo. Hayo mengine, malipo na ripoti, nije ofisini mniulize ana kwa ana ningeyajengaje.

Kipande hicho mtakipata Jumapili jioni. Naomba jibu kufikia kesho Ijumaa mchana, ili nijue naanzia wapi.

Wako,
Kulwa