Tugawe Sawa kwa Sawa

*Karatasi ya Hesabu, Darasa la Pili, Pangani. Kazi ya wawili wawili.*

Kila wawili wawe na: vizibo 20 vya soda, penseli, daftari moja na kipande cha chaki. Hesabuni vizibo vyenu kabla ya kuanza. Wenye 19 waseme sasa hivi.

Tunaanza pamoja

Bibi amepika maandazi 6. Wajukuu ni 3: Asha, Musa na Zuhura. Bibi anataka kila mmoja apate sawa na mwenzake.

Chukueni vizibo 6. Hivyo ndivyo maandazi. Choreni miduara 3 sakafuni kwa chaki. Kila mduara ni mjukuu mmoja.

Sasa gaweni. Kimoja kwa Asha, kimoja kwa Musa, kimoja kwa Zuhura. Mkononi vimebaki vingapi? Rudini kwa Asha, mzunguke tena. Mkono ukiwa mtupu, simameni.

Asha ( ● ● )  Musa ( ● ● )  Zuhura ( ● ● )

Kila mjukuu amepata maandazi 2.

Hakikisheni: rudisheni vizibo vyote mahali pamoja, mhesabu. Vimetimia 6? Basi hakuna andazi lililopotea njiani.

*(Mwalimu: watoto wengine watagawa kwa kukisia, watamwaga vitatu hapa na kimoja pale. Usiwakatize. Waulize tu, "Musa ataridhika?" Watahamisha wenyewe. Na anayegawa viwili viwili kwa mara moja asirudishwe nyuma, huyo ameshaelewa.)*

1. Machungwa ya Muheza

Mjomba ameleta machungwa 8 kutoka Muheza. Amewapa Juma na Neema wagawane sawa. Kila mmoja anapata machungwa mangapi?

Gaweni kwa vizibo kwanza. Halafu choreni kwenye daftari lenu: miduara 2, na nukta moja kwa kila chungwa. Msipoteze muda kuchora majani wala vikonyo.

2. Mafungu ya samaki

Mama Halima anauza samaki sokoni. Leo ana samaki 12. Anataka kuwapanga mafungu 4 yanayolingana, maana fungu likipungua samaki mmoja wateja watalalamika.

Kila fungu lina samaki wangapi?

Safari hii miduara si watu, ni mafungu. Kugawa ni kulekule.

3. Je, ni sawa?

Hamisi amegawa karanga 12 kwa watoto 3. Tazameni alivyogawa:

( ● ● ● ● ● )  ( ● ● ● )  ( ● ● ● ● )

Nani amepunjwa? Pangeni vizibo vyenu kama mchoro huu. Kisha hamisheni kizibo kimoja tu ili wote wawe sawa. Kimetoka wapi, kimekwenda wapi?

Sasa tazameni mafungu haya mawili ya Rehema:

( ●●●● )

( ●   ●   ●   ● )

Rehema anasema fungu la chini lina karanga nyingi zaidi kwa sababu ni refu. Mnakubali? Wekeni kizibo juu ya kila nukta, kisha pangeni safu mbili, kizibo kikitazamana na kizibo.

*(Mwalimu: hapa patakuwa na kelele, na ni kelele nzuri. Katika umri huu macho bado yanaweza kumdanganya mtoto: kilichotawanyika huonekana kingi. Usitoe jibu. Kupanga kimoja kwa kimoja kutawaamulia.)*

4. Wageni wanaongezeka

Mama ana korosho 12. Chukueni vizibo 12.

Wamekuja watoto 2. Gaweni. Kila mmoja amepata ______

Kusanyeni tena zote 12. Sasa watoto ni 3. Kila mmoja amepata ______

Kusanyeni. Watoto ni 4. Kabla hamjagawa, semeni: kila mmoja atapata zaidi, au atapata pungufu? Haya, gaweni. ______

Kusanyeni. Watoto ni 6. ______

Korosho hazijaongezeka wala kupungua. Kwa nini fungu la kila mtoto linabadilika? Mwambie mwenzako kwa maneno yako.

5. Sufuria tupu

Sufuriani kuna viazi 0. Watoto ni 3 na wana njaa. Kila mmoja anapata viazi vingapi?

Ruksa kucheka. Halafu andikeni jibu.

6. Sasa tunaandika

Mmeshagawa mara nyingi. Alama ya kugawanya ni hii: ÷

Maandazi 6 kwa wajukuu 3 tunaandika hivi:

6 ÷ 3 = 2

Tunasoma: sita gawanya kwa tatu ni sawa na mbili. Namba ya kwanza ni vitu vyote. Ya pili ni waliogawiwa. Ya mwisho ni alichopata kila mmoja.

Tazameni michoro hii. Andikeni hesabu yake:

( ● ● ● ● ● )  ( ● ● ● ● ● )   ______ ÷ ______ = ______

( ● ● ● )  ( ● ● ● )  ( ● ● ● )  ( ● ● ● )  ( ● ● ● )   ______ ÷ ______ = ______

Hizi choreni wenyewe, kisha mwandike jibu:

8 ÷ 4 = ______

18 ÷ 3 = ______

7. Kimoja kimebaki!

Watoto 4 wameokota gololi 13. Gaweni mpaka pale ambapo hamuwezi tena kuzunguka kwa haki.

Kila mtoto ana gololi ______. Zimebaki ______.

Iliyobaki muiweke nje ya miduara. Msimpe mtoto mmoja kisirisiri, na msiifiche mfukoni.

Sasa watoto 2 wana maandazi 9. Gaweni. Limebaki andazi 1. Gololi haikatiki, lakini andazi je? Choreni mnavyolifanya hilo la mwisho.

*(Mwalimu: neno "baki" walisikie hapa kwa mara ya kwanza, tena kwa mdomo tu. Kuliandika kwenye hesabu kunaweza kungoja.)*

8. Kwa waliomaliza mapema: bao

Ubao wa bao una safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Katika bao la kujifunza kila safu huanza na kete 16, na kila shimo hupata sawa na lingine. Kila shimo lina kete ngapi?

Choreni mashimo 8 kwa chaki, mgawe vizibo 16. Mkishapata jibu, muulizeni babu au kaka nyumbani: ubao mzima una kete ngapi?

9. Tunga yako

Tunga hesabu moja ya kugawa vitu vya nyumbani kwenu. Ichore, usiandike jibu. Mpe mwenzako aifanye kwa vizibo. Akishindwa, angalieni kama tatizo ni lake au ni la hesabu yako.

Majibu (kwa mwalimu tu)

1: machungwa 4. 2: samaki 3. 3: aliyepunjwa ni wa katikati, kizibo kimoja kinatoka mduara wa kwanza kwenda wa pili, kila mtoto anabaki na 4, mafungu ya Rehema yanalingana. 4: 6, 4, 3, 2. 5: 0. 6: 10 ÷ 2 = 5; 15 ÷ 5 = 3; 2; 6. 7: gololi 3, imebaki 1, maandazi 4 na nusu. 8: kete 2 kila shimo, ubao mzima 64. 9: mtoto akitunga hesabu yenye baki, usiikatae, mwambie aonyeshe kilichobaki kiko wapi kwenye mchoro wake.