Shangazi, naomba methali za Kijerumani za mwendo wa pole

Shikamoo Shangazi,

Natumaini baridi ya Leipzig haijawazidi, na watoto wanaendelea vizuri na shule. Huku Marangu hatujambo. Bibi anatembea mwenyewe hadi mgombani na kurudi, na kila jioni anauliza kama umepiga simu.

Nimekuandikia kwa sababu nina shida ambayo katika ukoo wetu wewe tu unaiweza. Tarehe 12 Januari napokea wageni 9 kutoka Ujerumani, napanda nao Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Naomba unikusanyie methali za Kijerumani zinazohusu kwenda polepole, kuvumilia, na kutokuona aibu kugeuka njiani. Hata sita zinatosha.

Kwa nini methali, wakati Kijerumani cha kazi ninacho? Nikimwambia mgeni "punguza mwendo", naonekana namwamuru, na wengi wamenizidi umri. Wewe unajua ilivyo vigumu kumkatalia mtu mzima jambo. Methali haina mwenyewe. Inasemwa na wazee wote kwa pamoja, na anayeambiwa hasikii kuwa ni mimi ninayemzuia.

Msimu uliopita nilimpandisha baba mmoja wa miaka kama 65. Tulipotoka kambi ya Mandara, mita 2,720, alikuwa mbele yangu muda wote. Horombo ni mita 3,720, kwa hiyo siku ile moja unapanda mita 1,000, na mwili haujui kama miguu ina nguvu. Nikamwambia "haraka haraka haina baraka", nimeitafsiri mwenyewe neno kwa neno. Kumbe neno nililolitumia kwa baraka ni lile la kanisani. Akasimama, akaniuliza kwa upole kama nataka tusali kwanza. Hakukasirika, lakini ujumbe wangu ulipotea palepale, akaendelea na mwendo wake. Usiku akatapika na kichwa kikamuuma sana, asubuhi nikamshusha. Alipona alipofika chini, kama kawaida, maana dawa ya kwanza ya mlima ni kushuka. Lakini alikuwa ameweka akiba ya safari ile muda mrefu, na mimi bado najiuliza kama maneno ya kwao, yale aliyoyasikia kwa mama yake, yangemsimamisha.

Ndiyo maana sitaki methali zetu zilizogeuzwa Kijerumani. Nataka zile ambazo Wajerumani wenyewe huambiana. Kwa kila moja naomba uniandikie inavyoandikwa, kisha inavyotamkwa kwa herufi zetu, kisha tafsiri ya neno kwa neno hata kama inasikika vibaya, na mwisho watu huisema wakati gani. Hilo la mwisho ndilo ninalolihitaji kuliko yote: nani humwambia nani, na kama ni ya kufariji, ya kuonya, au ya kumsuta mtu.

Nikupe mfano kwa za kwetu ili uone ninachotafuta.

"Mwenda pole hajikwai." Neno kwa neno: anayetembea taratibu hagongi mguu kwenye kitu. Hii unamwambia mtu kabla hajakosea, naye hawezi kuchukia. Ukimwambia aliyekwisha kujikwaa, umemcheka.

"Mvumilivu hula mbivu." Mwenye subira hula zilizoiva, tunda lenyewe halitajwi, kila mtu anajaza lake, na sisi wa hapa tunafikiria ndizi. Hii ni ya kufariji. Namwambia mgeni aliyekaa Horombo siku ya pili kuzoea hewa, akiona wenzake wa kundi jingine wanaondoka kwenda Kibo.

"Kawia ufike." Maneno mawili tu, bora uchelewe lakini ufike. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na inafaa kwa aliyebaki nyuma anayeona anawachelewesha wenzake.

Halafu kuna "chelewa chelewa utakuta mwana si wako", ambayo inavuta upande wa pili kabisa. Nina hakika Wajerumani nao wanazo za kuhimiza haraka. Niandikie moja au mbili, nizijue nisije nikazitumia kwa makosa nikamkimbiza mtu juu ya mita 4,000.

Nina mbili nilizozidaka kwa sikio. Mama mmoja wa Munich aliniambia "aile mit vaile", akaeleza kuwa ni haraka yenye utulivu ndani yake. Nyingine nilimsikia mzee akimwambia mkewe pale getini wakisubiri vibali: "gut ding vil vaile haben", yaani kitu kizuri kinataka kipewe muda. Nimeona neno vaile limo katika zote mbili. Je, bado ni neno la kila siku, au limebaki kwenye methali tu? Na kijana wa miaka 25 akiambiwa hivyo anaelewa, au ataona naongea kama babu yake? Kama ni ya kibabu nitaitumia kwa mababu.

Nakuomba uchague fupi. Usiku wa kilele tunatoka Kibo kama saa sita, mita 4,720, na Uhuru iko 5,895. Kule juu kila pumzi inampa mtu kama nusu ya hewa anayoipata pwani. Hana nafasi ya kusikiliza sentensi ndefu, nami sina pumzi ya kuisema. Methali isizidi urefu wa hatua mbili, basi.

Ile ya kugeuka njiani ndiyo nzito. Mtu amefika Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, midomo imebadilika rangi, na mimi lazima nimwambie tushuke. Kwa Kiswahili sina methali inayotosha, husema tu kwamba mlima hauhami. Kama Wajerumani wana neno lao la kumwambia mtu kuwa kurudi si kushindwa, linalosemwa kwa heshima kwa mtu mzima, nitafutie hilo kabla ya mengine. Na kama hawana, niambie hawana. Usinitungie kwa kunihurumia.

Waulize na majirani zako wazee. Mji wako una undugu na mlima wetu: Hans Meyer aliishi hukohuko, yule aliyefika kileleni mwaka 1889, na Misheni ya Leipzig ndiyo iliyowaleta wamisionari wa Kilutheri huku mwaka 1893. Huenda bibi fulani wa kanisani kwenu ana methali ambayo haimo vitabuni.

Ukiweza, nirekodie na sauti, useme kila moja mara mbili, polepole kisha kama wanavyoisema nyumbani. Nitawafundisha na wagumu wawili, wapagazi wetu wanaojifunza kuongoza, wameshanunua daftari. Nikizipata kufikia tarehe 5 nitakuwa na wiki nzima ya kuzizoea kinywani.

Bibi anasema usisahau kuvaa soksi mbili. Wasalimie wote.

Mwanao wa Marangu Mtoni